Mstari wa Sentimita Moja Ndani ya Injini

Mwaka 1929 kiwanda cha Lister, katika mji wa Dursley huko Uingereza, kilianza kutoa injini ya dizeli ya silinda moja ambayo baadaye ilienea sehemu nyingi za dunia, ikizungusha mashine za kusaga, pampu za maji na jenereta. Ile yenye nguvu za farasi 6 ilizunguka mara 650 tu kwa dakika, ikibeba flaiwili mbili nzito za chuma, moja kila upande. Ni injini ya polepole, na kwa sababu hiyo inafaa kuchunguzwa hatua kwa hatua.

Pistoni yake husafiri milimita 140 hivi kutoka juu hadi chini. Kila krenki inapomaliza mzunguko mmoja, pistoni imeshuka, imesimama, imepanda na imesimama tena. Kwa mizunguko 650, pistoni inasimama mara 1,300 katika dakika moja, na kila mara inalazimika kuondoka upya. Ukigawa umbali kwa muda, wastani wa mwendo wake ni mita 3 kwa sekunde. Lakini wastani huo haumsaidii sana fundi wala mhandisi. Kinachokata bolti za konrodi na kutikisa msingi wa zege ni kile kinachotokea katika kila nukta ya safari: pistoni inakwenda kasi gani hapa, na kasi hiyo inabadilika kwa ukali kiasi gani.

Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kupatikana kwa rula, protrakta na penseli iliyochongwa vizuri. Njia yenyewe ni ya kuchora vekta, yaani mistari yenye urefu na mwelekeo, mpaka zifunge umbo. Umbo la kwanza linatoa kasi na la pili linatoa mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi. Vyuo vya ufundi na vya uhandisi vimefundisha njia hii kwa vizazi, na hata sasa ambapo kompyuta inatoa jibu kwa kufumba na kufumbua, mchoro bado una faida moja ambayo jedwali la namba halina: unaonyesha kila kipande cha jibu kimetoka kwenye sehemu gani ya injini.

Mfumo wenyewe una sehemu chache. Krenki inazunguka kwenye kitovu chake, tukiite O. Mwisho wa mkono wa krenki kuna pini, tuiite A. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, na pini yake tuiite B. Kati ya A na B kuna konrodi. Pini A haina njia nyingine ila duara, na pini B haina njia nyingine ila mstari ulionyooka. Konrodi ndiyo inayopatanisha miendo hiyo miwili, na katika kupatanisha, yenyewe inakwenda huku inayumba: chini inafuata duara, juu inafuata mstari, na katikati inachora umbo la yai.

Mwendo wa namna hii hueleweka mtu akifikiria abiria anayetembea ndani ya pantoni la Kigamboni likiwa linavuka. Mwendo wake kwa anayemtazama kutoka ufukweni ni mwendo wa pantoni ukijumlishwa na mwendo wa miguu yake juu ya sitaha, kila mmoja kwa mwelekeo wake. Kwa injini ni vivyo hivyo. Kasi ya pini B ni kasi ya pini A ikijumlishwa na kasi ya B kama inavyoonekana kutoka A. Na hapa kuna jambo linalorahisisha kazi yote: konrodi ni chuma kigumu, hairefuki wala haifupiki. Kwa hiyo mtu aliyekaa juu ya pini A angeiona B ikifanya jambo moja tu, kumzunguka. B haiwezi kumkaribia wala kumkimbia. Kasi yake kwa kutazamwa kutoka A lazima iwe kwa pembemraba na konrodi.

Sasa tuchore. Mkono wa krenki ni nusu ya safari ya pistoni, yaani milimita 70. Konrodi, kwa mfano huu, tuichukue kuwa ya milimita 280, mara nne ya mkono wa krenki, uwiano ambao ni wa kawaida kwa injini. Mizunguko 650 kwa dakika ni sawa na radiani 68 kwa sekunde. Tusimamishe injini, kwa mawazo tu, krenki ikiwa imeshapita juu kabisa kwa nyuzi 60 na kuelekea upande wa kulia.

Kwanza unachorwa mfumo wenyewe kwa kipimo sahihi, kwa sababu mielekeo yote itakopwa kutoka hapo. Silinda ni mstari wa wima, krenki imelala nyuzi 60 kutoka wima, na konrodi inatoka kwenye pini A kupanda mpaka iguse ule mstari wa wima. Ukiipima itaonekana imeinama nyuzi 12 na nusu. Uvivu katika mchoro huu wa kwanza hulipwa baadaye, kwani kosa la nyuzi 2 hapa linahamia kwenye kila mstari unaofuata.

Pini A inajulikana vizuri. Kasi yake ni milimita 70 mara radiani 68, yaani mita 4.76 kwa sekunde, kwa pembemraba na mkono wa krenki. Tukiamua kwamba sentimita 1 isimame badala ya mita 0.5 kwa sekunde, mstari huo unakuwa na urefu wa sentimita 9.5. Unaanzia kwenye nukta o na kuishia a, ukielekea chini kulia. Kisha kutoka o unachorwa mstari wa wima usio na kikomo, kwa sababu pistoni haina njia nyingine ila wima. Na kutoka a unachorwa mstari mwingine kwa pembemraba na konrodi. Hatujui urefu wa mistari hiyo miwili, ila tunajua mielekeo yake, na hiyo inatosha. Inapokatana ndipo ilipo nukta b.

Rula inamaliza kazi. Kutoka o hadi b kuna sentimita 9.3, yaani pistoni inashuka kwa mita 4.65 kwa sekunde. Kutoka a hadi b kuna sentimita 4.9, yaani B inaizunguka A kwa mita 2.44 kwa sekunde. Ukigawa hiyo kwa urefu wa konrodi unapata radiani 8.7 kwa sekunde, kasi ya konrodi kuyumba. Konrodi inayumba kinyume na mzunguko wa krenki wakati huo, kwa hiyo beringi ya chini haisuguliwi kwa radiani 68 bali kwa jumla ya kasi zote mbili, karibu radiani 77 kwa sekunde. Anayechagua beringi anaihitaji namba hiyo.

Pembetatu hii ndogo ina mengine ya kufundisha ikichorwa upya kwenye pembe nyingine. Krenki ikifika nyuzi 90, mistari a na b inaangukia nukta moja. Konrodi wakati huo haiyumbi hata kidogo: ncha zake zote mbili zinashuka pamoja kwa mita 4.76 kwa sekunde. Na kabla kidogo ya hapo, karibu nyuzi 76, ambapo krenki na konrodi zinakutana kwa pembemraba, mstari wa pistoni unakuwa mrefu kuliko mstari wa krenki. Pistoni inakwenda mita 4.91 kwa sekunde, ikiipita kasi pini inayoivuta. Wengi wanaodhani kwamba pistoni hufikia kasi yake kubwa katikati ya safari wanashangaa, lakini mchoro haukubali dhana hiyo.

Mchapuko unataka uangalifu zaidi, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka.

Kitu kinachozunguka kwa kasi isiyobadilika bado kina mchapuko, kwa sababu mwelekeo wake unabadilika kila wakati. Mchapuko huo unaelekea kwenye kitovu. Kwa pini A ni milimita 70 mara 68 mara 68 tena, yaani karibu mita 324 kwa sekunde kwa sekunde, ukielekea O. Hiyo ni mara 33 ya mvuto wa dunia, na ni kwenye injini inayosifika kwa upole.

Kwa B kutazamwa kutoka A, mambo ni mawili. La kwanza ni lilelile la kitovu: B inaizunguka A kwa mita 2.44 kwa sekunde, kwa hiyo ina mchapuko unaoelekea A, sawa na 2.44 mara 2.44 ukigawa kwa urefu wa konrodi wa mita 0.28. Jibu ni mita 21 kwa sekunde kwa sekunde. La pili ni mchapuko wa konrodi kuongeza au kupunguza kasi ya kuyumba kwake. Huu ukubwa wake haujulikani, lakini uko kwa pembemraba na konrodi. Ndiyo maana mchoro wa kasi lazima utangulie: bila ile namba ya 2.44 mchoro wa mchapuko hauna pa kuanzia.

Sentimita 1 sasa isimame badala ya mita 20 kwa sekunde kwa sekunde. Kutoka nukta o unachorwa mstari wa sentimita 16.2 sambamba na krenki, ukielekea chini kushoto, kwa sababu pini A inavutwa kuelekea O. Mwisho wake ni a. Kutoka a unachorwa mstari wa sentimita 1 tu na kidogo, sambamba na konrodi, ukielekea kutoka B kwenda A, yaani chini kulia. Mwisho wake tuuite x. Kutoka x unachorwa mstari usio na kikomo kwa pembemraba na konrodi, na kutoka o mstari wa wima. Vinakutana kwenye b. Kutoka x hadi b kuna sentimita 14.1, na kutoka o hadi b kuna sentimita 6.1 kuelekea chini.

Kwa hiyo mchapuko wa pistoni ni mita 121 kwa sekunde kwa sekunde, kuelekea chini. Inashuka na bado inaongeza kasi.

Ule mstari wa sentimita moja unaonekana mdogo kiasi cha kumshawishi mtu auache. Ukiachwa, x na a zinakuwa nukta moja, na pistoni inasomeka kuwa na mchapuko wa mita 100 badala ya 121. Kosa baya zaidi, na ndilo la kawaida zaidi, ni kuuchora kwa kinyume: mwanafunzi anafikiri B inatupwa nje kutoka A, hivyo anauelekeza juu kushoto. Jibu lake linakuwa mita 78. Mstari uliochukua sehemu ndogo kabisa ya karatasi umepoteza zaidi ya theluthi ya jibu. Sababu ni kwamba mistari mirefu miwili, wa krenki na wa kuyumba, inakwenda kinyume kwa sehemu kubwa na kufutana. Kinachobaki ni kidogo, na kwenye hicho kidogo sentimita moja ina sauti kubwa.

Lipo jaribio la haraka la kumgundua aliyekosea, nalo ni kuichora injini pistoni ikiwa juu kabisa. Hapo krenki na konrodi ziko kwenye mstari mmoja na poligoni yote inakunjwa kuwa mstari wa wima. Pistoni imesimama, kwa hiyo kasi ya B kutazamwa kutoka A ni mita 4.76 nzima. Mchapuko wa kitovu wa konrodi ni 4.76 mara 4.76 ukigawa kwa 0.28, yaani mita 81. Pini A inavutwa chini kwa mita 324, na B inavutwa kuelekea A, chini pia, kwa mita 81. Jumla ni 405. Chini kabisa, kinyume chake: A inavutwa juu kwa 324, lakini B, iliyo juu ya A, bado inavutwa chini kwa 81. Zinabaki 243 kuelekea juu. Aliyeelekeza mshale vibaya atapata namba hizi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi.

Na hapa injini inafichua tabia yake. Pistoni inageuzwa kwa ukali juu kuliko chini, mita 405 dhidi ya 243, ingawa krenki inazunguka vilevile wakati wote. Tofauti yote inatokana na konrodi kuyumba. Kama konrodi ingekuwa ndefu kupita kiasi, ule mstari mdogo ungeyeyuka na pistoni ingegeuzwa kwa 324 pande zote mbili. Konrodi ikifupishwa, tofauti inakua. Hata safari yenyewe haigawanyiki sawa: krenki ikifika nyuzi 90, robo kamili ya mzunguko, pistoni imeshashuka milimita 79 kati ya 140.

Namba ya 405 ina uzito wake kwa fundi. Tuseme pistoni pamoja na pini na ringi zake ina kilo 2. Nguvu ya kuigeuza pale juu ni kilo 2 mara 405, yaani nyutoni 810, sawa na kuning'iniza zaidi ya kilo 80. Wakati wa mlipuko, gesi inaisukuma pistoni chini, hivyo nguvu hiyo haiisumbui konrodi. Lakini injini ya mapigo manne hufika juu mara moja kwa kulipuka na mara nyingine kwa kumaliza kutoa moshi. Mara hiyo ya pili hakuna gesi ya kuizuia pistoni. Inataka kuendelea kupaa, na kinachoirudisha ni konrodi, ikivuta kupitia bolti mbili za kifuniko chake cha chini. Bolti zilizokazwa kwa kukisia zinalegea na kuchoka hapo, pigo kwa pigo.

Mbaya zaidi ni gavana kushindwa kazi na injini kukimbia ovyo. Mchapuko unafuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Mizunguko ikipanda kutoka 650 hadi 1,300, ile 405 haiwi mara mbili, inakuwa mara nne: zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde kwa sekunde, na bolti zilezile zinavutwa kwa nguvu inayozidi kilo 320. Konrodi iliyotoboa bloku mara nyingi ilianza safari yake kwenye namba hiyo.

Mchoro una mipaka yake. Unasema habari za nukta moja ya mzunguko, basi. Anayetaka picha nzima huchora upya kila nyuzi 15, poligoni 24 kwa mzunguko mmoja, kisha huunganisha majibu kwa mkunjo. Unene wa penseli nao unahesabika: kwa kipimo kilichotumika hapa, kosa la milimita 1 ni mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Na umedhaniwa kwamba krenki haibadilishi kasi. Injini ya silinda moja hulipuka mara moja tu katika mizunguko miwili, kwa hiyo krenki huharakishwa kisha hupunguza mwendo, na flaiwili nzito zipo ili kufanya mabadiliko hayo yawe madogo. Palipo na mabadiliko makubwa, kama wakati wa kuwasha, pini A inahitaji mstari wa ziada kwa pembemraba na krenki kabla ya kuendelea.

Tofauti kati ya 405 na 243 haitoweki injini inapoongezewa silinda. Kwenye gari la silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, pistoni mbili huwa juu wakati mbili ziko chini. Sehemu ya krenki, ile ya 324 katika mfano wetu, inafutana kabisa: mbili zinavutwa chini, mbili juu. Sehemu ya konrodi haifutani. Kwenye pistoni za juu mstari mdogo unaelekea chini, na kwenye za chini pia unaelekea chini. Zote nne zinajumlishana, na krenki ikiendelea robo mzunguko zinageuka zote kuelekea juu, hivyo mtikisiko huo huja mara mbili kwa kila mzunguko. Uzito wa kusawazisha uliofungwa kwenye krenki hauwezi kuutuliza, kwa kuwa wenyewe huzunguka mara moja tu. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alitafuta dawa yake: shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kwa kasi mara mbili ya krenki na kwa mielekeo inayopingana. Vivuto vyao vya pembeni hufutana, na kinachobaki ni cha wima peke yake, kikipangwa kuufuta mtikisiko unaoletwa na mistari midogo ya konrodi zote nne. Shafti za namna hiyo bado zinafungwa kwenye injini nyingi za silinda nne, hasa zile kubwa.